Barua pepe moja, lugha tatu: nani ajibiwe, nani apewe nakala fiche, na lugha ipi itangulie

Mfanyabiashara wa Mbeya anayepeleka mchele wa Usangu hadi Lubumbashi, Kongo, hana budi kuandikiana na watu wa nchi tatu. Kinu kiko Igurusi, lori linatoka Kitwe nchini Zambia, wakala wa forodha yuko Tunduma, na mnunuzi yuko ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Wote wanaingia kwenye barua pepe moja. Wawili wanasoma Kiswahili, mmoja Kiingereza, na mnunuzi pamoja na mhasibu wake wanafanya kazi zao za ofisi kwa Kifaransa. Swali hapa ni namna ya kuwajibu watu hao kwa pamoja bila yeyote kuelewa jambo tofauti na mwenzake.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Magunia 600 ya kilo 50, yaani tani 30, yalipangwa kupakiwa Igurusi siku ya Alhamisi tarehe 12 Juni. Jumatatu asubuhi, tarehe 9, mnunuzi anaandika kwa Kifaransa kwa wote: anaomba upakiaji usogezwe hadi Jumamosi tarehe 14, kwa sababu malipo yake yataingia benki Ijumaa. Mwishoni mwa barua anaongeza sentensi moja akiomba apunguziwe bei kidogo kwa kila gunia. Lori limepangwa kuondoka Kitwe Jumanne alfajiri.

Kwanza: gawa barua uliyoletewa

Kabla ya kugusa kitufe chochote, soma barua ya mnunuzi na uhesabu mambo yaliyomo. Hapa yako mawili, na hayawahusu watu walewale. Tarehe ya kupakia inawahusu wote watano: mwenye kinu atafute wapakiaji wa Jumamosi, mwenye lori azuie gari, wakala apange upya ukaguzi wa cheti cha afya ya mimea, mnunuzi athibitishe, mhasibu wake atume malipo. Bei inamhusu mnunuzi, mhasibu wake na wewe tu.

Kwa hiyo barua moja iliyoingia inazaa barua mbili za kutoka. Watu wengi huharibu hapa. Wanajibu mambo yote mawili palepale kwa wote, na mwenye lori anajua faida yako kabla hajakutajia nauli ya safari ijayo. Kwamba mnunuzi mwenyewe ndiye aliyeandika ombi la bei mbele ya watu hakukulazimishi kumjibu mbele ya watu.

Jibu la bei usilianzishe kwa `Reply`. Fungua barua mpya kabisa, andika kichwa kipya cha habari, na uweke anwani mbili tu. Sababu ni kwamba ukijibu ndani ya mazungumzo yaleyale, maandishi ya nyuma yanabaki chini ya barua yako, na mtu akiirudisha kwenye kundi siku nyingine, bei inarudi nayo. Barua mpya haina mkia.

Pili: amua nani abaki kwenye orodha

`Reply` inampelekea aliyeandika peke yake, au anwani ya kupokelea majibu kama ameiweka. `Reply all` inampelekea yeye pamoja na kila aliyekuwa kwenye `To` na `Cc`. Waliokuwa kwenye nakala fiche, yaani `Bcc`, hawamo, maana wewe huwaoni na programu yako haiwajui.

Kanuni ninayoitetea ni hii: jibu kwa wote iwapo kukosa jibu lako kutamfanya mtu afanye kazi isiyotakiwa. Mwenye lori asipolipata, gari litatoka Kitwe bure na atakudai gharama za kusubiri. Mwenye kinu asipolipata, wapakiaji watakuja Alhamisi na watataka posho yao. Hapo `Reply all` si hiari. Lakini baadaye wakala akiandika kwa wote kwamba amepokea, usimjibu "asante sana" mbele ya watu watano. Mpe asante yake peke yake. Mtu anayepokea barua kumi za shukrani katika lugha asizozisoma huacha kufungua ya kumi na moja, na hiyo ndiyo huwa na mabadiliko ya tarehe.

Ukishabonyeza `Reply all`, panga upya watu kwenye safu. Weka kwenye `To` wale wanaotakiwa kufanya kitu, na kwenye `Cc` wale wanaotakiwa kujua tu. Katika mfano wetu wote watano wana kazi, kwa hiyo wote wanakaa `To`. Kama mkeo au kaka yako ndiye mshirika wako wa biashara, yeye akae `Cc`.

Kagua anwani moja moja. Simu hukukamilishia jina baada ya herufi mbili tatu, na kama una wakala wawili Tunduma wenye majina yanayoanza sawasawa, huchagua yule uliyemwandikia zaidi, si yule unayemtaka. Angalia pia anwani zisizo za mtu mmoja, kama ile ya ofisi ya mauzo. Hujui ni macho mangapi yanasoma upande ule, basi mambo ya siri usiyapitishe huko.

Jambo jingine hupita bila kuonekana. Ukijibu, viambatisho vya barua ya awali haviendi pamoja na jibu lako. Ukitumia `Forward`, vinaenda. Kwa hiyo ukimwongeza mtu mpya katikati ya mazungumzo, tuseme msimamizi wa ghala, ataona maneno lakini hataona hati ya oda. Iambatishe upya. Na kabla hujamwongeza, shuka hadi chini ukasome mkia wote wa barua, kwa sababu naye atausoma.

Tatu: nakala fiche

`Bcc` ina kazi mbili nzuri na moja mbaya.

Kazi nzuri ya kwanza ni tangazo kwa watu wengi wasiohusiana. Ukitaka kuwaarifu wakulima wa Igurusi, Ubaruku na Rujewa siku ya kupima mpunga, weka anwani yako mwenyewe kwenye `To` na zao zote kwenye `Bcc`. Hakuna atakayeona anwani ya mwenzake, na mmoja akibonyeza `Reply all` jibu litakuja kwako peke yako. Anwani ya mtu ni taarifa yake binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kuanika orodha ya wateja mbele ya wateja wenzao si jambo la kuchukulia kirahisi. Tangazo la namna hii liandikwe kwa lugha moja tu. Kama una wanunuzi wa Kifaransa wanaohitaji tangazo hilohilo, tuma barua ya pili kwa Kifaransa kwa kundi lao. Hakuna haja ya mkulima wa Ubaruku kupekua aya za Kifaransa akitafuta siku ya mizani, wakati hahitaji kujua Wakongo wameambiwa nini.

Hiyo ndiyo tofauti ya msingi kati ya tangazo na makubaliano. Tangazo ligawe kwa lugha, kila kundi na barua yake. Makubaliano yaweke yote katika barua moja, lugha zote pamoja, ili kila mmoja aone kwamba mwenzake ameambiwa lilelile.

Kazi nzuri ya pili ni kumtoa mtu kwenye mazungumzo kwa heshima. Tuseme afisa wa benki yako Mbeya alikuwamo kwa ajili ya hati moja tu na kazi yake imekwisha. Mhamishe kutoka `Cc` kwenda `Bcc`, na uandike wazi mwanzoni mwa barua kwamba unamshukuru na unampumzisha. Atapata barua hiyo ya mwisho, na majibu yatakayofuata hayatamfikia.

Kazi mbaya ni kumweka mtu asikilize kwa kificho. Mkopeshaji wako anataka kujua kama mnunuzi kweli analipa Ijumaa, nawe unamtia `Bcc`. Asubuhi anasoma barua, anasahau kwamba amefichwa, anabonyeza `Reply all` na kuuliza jambo. Watu watano wanajua papo hapo kwamba kulikuwa na mtu wa sita. Mnunuzi wa Lubumbashi hatauliza sana. Ataanza tu kuandika kwa tahadhari. Njia salama ni kutuma barua yako kwanza, kisha kuifungua kwenye `Sent` na kumpelekea mkopeshaji kwa `Forward` pamoja na sentensi moja ya maelezo. Akijibu, jibu linakuja kwako tu. Ondoa kwanza mkia usiomhusu.

Nne: lugha ipi itangulie

Hapa ndipo pana mvutano, kwa sababu watu huona mpangilio wa lugha kama mpangilio wa heshima. Wengine hutanguliza Kiswahili kwa kuwa mwandishi ni Mtanzania. Wengine hutanguliza Kiingereza kwa mazoea ya ofisi. Wengine hufuata lugha ya mteja kwa sababu ndiye mwenye fedha. Mimi nasema itangulie lugha ya yule ambaye muda wake wa kutenda unakwisha mapema kuliko wote.

Tuipime kwenye mfano wetu. Mnunuzi ndiye aliyeuliza, lakini anajua alichokiomba. Anasubiri tu kuthibitishiwa. Wakala ana hadi Ijumaa. Mwenye kinu ana hadi Jumatano jioni kuwaambia wapakiaji wasije kesho yake. Mwenye lori wa Kitwe anayo Jumatatu hii tu. Basi Kiingereza kinatangulia, ingawa mtu mmoja tu katika kundi ndiye anayekihitaji. Kifaransa kinafuata, kwa kuwa kuna malipo ya kuthibitisha. Kiswahili kinakuja cha tatu, na hilo haliwadhuru wasomaji wake kwa sababu nitaeleza hapa chini watakavyokifikia.

Ikiwa muda wa kutenda ni uleule kwa wote, tumia kipimo cha pili: itangulie lugha ya yule asiye na lugha nyingine ya kukimbilia. Wakala wa Tunduma anaongea na madereva wa Zambia kila siku, atajisomea aya ya Kiingereza. Mwenye kinu mzee hatajisomea.

Kuna jambo moja la Lubumbashi linalotuchanganya sisi wa Mbeya. Watu wa kule wanazungumza Kiswahili, na ukimpigia simu mnunuzi wako mtaelewana. Ni rahisi kudhani kwamba barua ya Kiswahili itamtosha. Lakini Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, na lugha rasmi ni Kifaransa. Shule, benki na hati za forodha zake ziko kwa Kifaransa, na Kiswahili chake cha mazungumzo hakifanani na hiki cha barua zetu. Mhasibu wake atakapoipeleka barua benki, ni aya ya Kifaransa atakayoionesha. Basi salamu na mazungumzo yawe kwa Kiswahili kwenye simu, makubaliano yawe kwa Kifaransa kwenye barua.

Tano: mstari wa ramani

Kwenye simu, mpokeaji huona kichwa cha habari na maneno machache ya kwanza kabla hajafungua. Mwenye kinu akiona Kiingereza, ataiacha. Ndiyo maana mstari wa kwanza kabisa, kabla ya salamu yoyote, uwe ramani ya lugha:

```
1 English | 2 Français | 3 Kiswahili
```

Hautafsiri kitu, unaelekeza tu. Kila sehemu ianze na jina la lugha yake kwa herufi kubwa, na salamu yake yenyewe. Sehemu za lugha ziwe fupi kiasi kwamba zote tatu zionekane kwa kusogeza skrini mara mbili tatu; zikizidi hapo, maelezo marefu yaende kwenye kiambatisho cha kila lugha.

Kichwa cha habari usikibadilishe. Katika Gmail, ukikibadilisha, barua yako inajitenga na mazungumzo ya awali, na mtu anayetafuta tarehe mpya atafungua yale ya zamani na kukuta Alhamisi. Ukiona mbele ya kichwa kuna `RE` au `TR` usishangae. Programu za Kifaransa huandika `TR` kwa barua iliyopelekwa mbele.

Sita: andika mambo yaleyale kwa namba zilezile

Andika kwanza katika lugha unayoimiliki, kwa sentensi fupi, kila jambo na namba yake. Kisha peleka namba zilezile katika lugha nyingine. Sehemu ya Kiswahili ya barua yetu itakuwa hivi:

```
KISWAHILI
Shikamoo mzee. Ndugu wakala, habari za kazi.
1. Kupakia: Jumamosi 14 Juni, 08:00 (saa 2 asubuhi, Tanzania).
   Alhamisi 12 Juni imefutwa.
2. Mzigo haujabadilika: magunia 600 x kg 50 = tani 30.
3. Lori: lisitoke Kitwe Jumanne. Mwenye lori athibitishe
   leo kabla ya 16:00 Tanzania (15:00 Kitwe).
4. Wakala: ukaguzi wa cheti uwe Ijumaa 13 Juni.
5. Malipo: mhasibu atume uthibitisho Ijumaa 13 Juni.
```

Ona kwamba jambo la mwenye lori limo pia katika Kiswahili, na la wakala litakuwamo pia katika Kiingereza. Kishawishi ni kumpa kila mtu kipande chake tu kwa lugha yake. Ukifanya hivyo, umetuma barua tatu tofauti ndani ya bahasha moja, na siku ya mgogoro kila mmoja atasema kwamba lile la mwenzake hakuambiwa. Namba zikilingana, mnunuzi anaweza kujibu "namba 5, ndiyo" kwa lugha yoyote na wote wakaelewa.

Angalia namba zenyewe. Ukiandika 30,000 kg, msomaji wa Kiingereza anaona elfu thelathini, lakini kwa Kifaransa mkato ni alama ya desimali, kwa hiyo msomaji wake anaweza kuona thelathini na sifuri tatu nyuma yake. Nukta nayo inampoteza yule wa Kiingereza. Andika tani 30, au acha nafasi tupu: 30 000 kg. Fanya hivyohivyo kwa bei na kwa nauli.

Saa zina mtego mkubwa zaidi. Saa 2 asubuhi yetu ni 08:00, na Mzambia akiona "2" pamoja na neno la asubuhi ataelewa usiku wa manane umepita. Tena Kitwe na Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja. Tumia saa za tarakimu nne katika lugha zote tatu, na kila muda wa mwisho utaje ni wa nchi gani. Katika sehemu ya Kiswahili ongeza saa ya Kiswahili kandokando, maana mwenye kinu atawaambia wapakiaji "saa mbili", si "sifuri nane".

Mwishoni mwa barua, andika katika kila lugha sentensi moja inayosema ni maandishi ya lugha ipi yatakayofuatwa kama yatatofautiana. Chagua lugha ya mkataba wenu. Usichague kwa sababu ya ile iliyotangulia; kutangulia ni suala la haraka, kutawala ni suala la mkataba, na wasomaji huchanganya mawili haya msipoyatenganisha.

Saba: kabla na baada ya kutuma

Mpe mtu anayesoma Kifaransa sehemu ile, ufunike Kiswahili, umwombe akusomee kwa Kiswahili siku, saa, idadi na jina la anayetakiwa kutenda. Akitaja Alhamisi badala ya Jumamosi, umelikamata kosa. Usimwulize kama tafsiri ni nzuri. Atasema ni nzuri. Kwa mtu wa Kongo tumia "vous", hata kama kwenye simu mnataniana.

Katika Gmail, nenda kwenye mipangilio uweke `Undo Send` iwe sekunde 30, kiwango cha juu kabisa. Barua inashikiliwa kwa muda huo tu kabla ya kuondoka; ikishatoka haiwezi kurudishwa. Kule Outlook kuna `Recall`, lakini usiitegemee kwa watu walio nje ya taasisi yako.

Ukishatuma, mpigie simu mwenye kinu. Umri wake, na kwamba Kiswahili kimekuja cha tatu, vinataka sauti yako: "Shikamoo mzee, nimetuma barua, yetu iko chini kabisa namba tatu, kupakia ni Jumamosi." Mpigie pia mwenye lori ikifika saa tisa na hajajibu, kwa sababu kimya chake si ukubali.

Mara nyingi mwenye lori atajibu kwako peke yako, kwa Kiingereza, kwamba gari limezuiwa. Wengine hawajui. Usimpeleke mbele jibu lake zima, pengine amegusia nauli humo. Rudi kwenye barua yako mwenyewe, bonyeza `Reply all`, na uandike mstari mmoja kwa kila lugha: namba 3 imethibitishwa, Jumatatu 9 Juni, 15:40 Tanzania. Safari hii mpangilio wa lugha unabadilika. Mwenye lori ameshatenda, na anayefuata kubanwa na muda ni mwenye kinu mwenye wapakiaji wa kuwaarifu kabla ya Jumatano jioni, basi Kiswahili kinapanda juu na mstari wa ramani unaandikwa upya.

Tani 30 zikishapita Tunduma, shehena inayofuata ianze na barua mpya yenye kichwa kipya, na anwani ziingizwe upya moja moja. Ukiendeleza ile ya zamani kwa uvivu wa kutafuta anwani, wakala mpya atakuta tarehe 12 Juni mahali, 14 Juni mahali pengine, na hatajua ipi ni ya mzigo wake.